Sahani Moja ya Mboga Ni Shilingi Ngapi?

Sokoni bei hutajwa kwa kilo, kwa trei au kwa kuku mzima, lakini familia hula kwa sahani. Anayepanga mboga ya mwezi mzima hana budi kuzigeuza bei zote ziwe za sahani moja.

Tuchukue familia ya watu watano jijini Dar es Salaam. Kipimo chetu kiwe mayai mawili, yenye takriban gramu 12 za protini. Ili kuipata protini hiyo, mtu anahitaji gramu 60 hivi za maharage makavu, au gramu 125 za samaki mzima, kwani karibu nusu ya uzito wake ni kichwa, miiba na matumbo. Kuku wa kisasa wa kilo moja na robo anatosha sahani 10 bila shida. Bei zifuatazo ni za mfano. Msomaji aweke za soko lake.

Trei ya mayai 30 ikiwa 9,000, sahani ni 600. Samaki wa 8,000 kwa kilo anatoa sahani ya 1,000. Kuku wa 9,000, akigawanywa kumi, ni 900. Wengi hawatarajii kuku awe nafuu kuliko samaki, lakini mifupa yake ni michache ukilinganisha na takataka za samaki.

Maharage ndiyo yanayodanganya. Kilo ikiwa 3,000, gramu 60 ni shilingi 180 tu. Tatizo ni mkaa. Ukipika gramu 300 za usiku mmoja kwa mkaa wa 1,000, sahani inafika 380. Ukiloweka kilo nzima usiku kucha, ukaichemsha mara moja kwa mkaa wa 1,500, unapata sahani 15 za shilingi 300. Ila hapo friji inahitajika: yagawe kwenye mabakuli matatu bila kiungo, kila siku uunge bakuli moja. Asiye na friji apike ya siku hiyo tu. Nyanya zisubiri mpaka yalainike, maana uchachu wake huyachelewesha kuiva. Na maharage yaliyolowekwa usiku kucha yakabaki magumu, yenye mikunjo, ni ya zamani. Yatamaliza mkaa wako.

Sasa tupange siku 30 za chakula cha jioni: maharage siku 14 (21,000), mayai siku 8 (24,000), samaki siku 4 (20,000), kuku siku 4 kwa kuku wawili (18,000). Jumla ni 83,000, bila mafuta na viungo.

Kwangu mimi, uamuzi mzito uko kwenye kuku. Akiliwa wote jioni moja, sahani inapanda hadi 1,800, na siku zile nne zinataka kuku wanne. Nyongeza ya 18,000 inakaribia gharama ya maharage yote ya mwezi. Kwa hiyo mgawe angali mbichi, nusu uihifadhi kwenye friji kabla sufuria haijainjikwa. Akishaiva mezani, hakuna atakayekubali kumbakiza.