Kuchoma Hindi Si Kulibabua

Lugha yetu ina maneno mengi ya moto. Tuna kuchoma, kubanika, kuoka, kukaanga, kubabua na kuunguza, na kila neno lina mahali pake. Samaki hubanikwa, mkate huokwa, kuku aliyekwisha kunyonyolewa hubabuliwa ili vinyoya vidogo vilivyobakia viondoke. Lakini siku hizi, msomaji wangu, ukenda kununua hindi njiani aghalabu utapewa lililobabuliwa, na muuzaji atakuapia kwamba limechomwa. Nje ni jeusi kama sufuria ya kuni, na ndani punje zingali mbichi, zikikuachia unga mdomoni kama chaki. Mnunuzi hulitupa nusu yake akalaumu mahindi ya mwaka huu. Mahindi hayana kosa. Kosa ni la moto na haraka.

Ili kulielewa jambo hili yafaa kwanza tuitazame punje yenyewe. Punje ya hindi bichi ni kijifuko. Nje ina ngozi nyembamba iliyokaza, na ndani mna maji, sukari kidogo na wanga. Hindi likiwa bado lina maziwa, kiasi cha robo tatu ya uzito wa punje ni maji, na maji hayo ndiyo mpishi. Moto ukiipasha punje, maji yake hupata joto, na yakipita nyuzi 65 hivi za Selsiasi, wanga huanza kuyanywa, ukavimba na kulainika, kama ufanyavyo unga katika sufuria ya uji. Huko ndiko kuiva. Ngozi nayo haiwezi kupata rangi ya kahawia maadamu ingali imelowa, kwa sababu maji hayapandi zaidi ya nyuzi 100, na rangi ile pamoja na harufu yake yataka nyuzi 140 hivi.

Kwa hiyo kazi ni mbili, na zina mpango wake. Kwanza punje ichemke kwa maji yake yenyewe, kisha ngozi ikauke na kupata rangi. Mwenye kuzitaka zote mbili kwa pamoja, kwa moto mkali, hupata ngozi nyeusi na wanga mbichi. Mwenye makaa dhaifu naye hupata balaa la pili: maji hutoka polepole kabla wanga haujaiva sawasawa, punje zikasinyaa zikawa kama soli ya kiatu. Hindi la namna hii halina hata doa jeusi, nalo halitafuniki.

Hindi lenyewe huchaguliwa kwa ndevu na kwa ukucha. Ndevu zikiwa zingali laini na za rangi ya kijani kibichi, hindi ni changa mno. Ziwe zimekauka na kuwa kahawia, na maganda yawe bado mabichi na yenye unyevu. Kisha chana maganda kidogo utoboe punje moja kwa ukucha. Likitoka maji meupe kama maji ya mchele, hilo halijafika. Yakitoka maziwa mazito, hilo ni la kuchomwa na mtu asiye na meno akalifurahia. Kikitoka kitu kama kinyunga cha maandazi, hilo bado lafaa, ila lataka subira na meno. Ukucha ukikataa kuingia, mwachie mwenye kinu.

Mombasa tuna taabu moja zaidi. Hindi likivunjwa shambani, sukari yake huanza kugeuka wanga, na joto huharakisha mgeuko huo. Mahindi yaliyosafiri usiku kwa lori hadi soko la Kongowea, yakakaa kutwa ndani ya gunia, si yale yaliyovunjwa asubuhi. Wauzaji wenye akili huyatoa katika gunia mapema, wakayatandaza kivulini bila kuyavua maganda. Hindi lililovuliwa maganda tangu asubuhi ili lipendeze macho ya wapita njia limekwisha kupoteza maji yake kabla ya kuuona moto.

Sasa tuje kwenye jiko. Niliketi Barabara ya Mama Ngina, kando ya bahari, baina ya alasiri na magharibi, karibu na mama mmoja achomaye mahindi, nikalifuata hindi moja tangu kuvuliwa maganda hadi kuliwa, saa yangu mkononi. Aliomba nisimtaje jina, akisema kuwa wanaomjua wanamjua.

Makaa yake alikuwa ameyawasha mapema. Hakuweka hindi mpaka ndimi za moto zimekufa na makaa yamefunikwa na jivu jembamba jeupe, ndani yakiwaka mekundu. Alinionyesha kipimo chake: aliweka kiganja juu ya wavu, mahali hindi litakapolala, akahesabu. Moja mpaka tano mkono ukavumilia, ndipo akauondoa. Ukishindwa mbili, moto ni mkali. Ukifika kumi, ongeza makaa au upepee. Wavu ulikuwa juu ya makaa kwa kadiri ya vidole vinne.

Hindi lilikuwa la maziwa mazito, na lilikuwa na safu 14 za punje. (Kwa anayependa mambo haya: hesabu safu za mahindi yako nyumbani, utazikuta karibu kila mara ni jozi, 12, 14 au 16, kwani maua yake hukaa mawili mawili.) Alilivua maganda, akaondoa ndevu zote kwa mkono, kwa sababu ndevu hushika moto na kuacha uchungu. Kikonyo alikiacha kiwe mpini. Kisha akalilaza, shina nene likiwa katikati ya jiko na ncha ikielekea ukingoni. Wengi hulilaza vyovyote vile, na ndiyo maana mahindi mengi huwa na ncha ya mkaa na shina bichi. Ncha ni nyembamba na punje zake ni ndogo. Haiwezi kuvumilia moto sawa na shina.

Dakika sita za kwanza hakuliacha lipumzike. Kila baada ya nusu dakika hivi aliligeuza robo ya mzunguko, kwa vidole, bila koleo. Punje zilikuwa nyeupe za kufifia. Taratibu zikaanza kung'aa kama zimepakwa mafuta, zikavimba na kubanana. Sauti nayo ilibadilika. Mwanzo hindi lilikuwa kimya, kisha likaanza kunong'ona, maji yakitafuta njia. Punje moja ilipasuka kwa kishindo, naye akaligeuza upande ule mara moja bila kungoja zamu yake, maana kupasuka ni dalili kwamba hapo joto limezidi. Jioni ile upepo wa kusi ulikuwa ukivuma kutoka baharini na kuyachochea zaidi makaa ya upande mmoja. Badala ya kupambana na upepo, alilizungusha jiko lenyewe mara mbili.

Dakika ya nne ilipopita alikuja kijana mmoja, ana haraka ya kwenda kivukoni Likoni.

“Mama, nipe hilo.”

“Hilo bado, mwanangu. Ngoja kidogo.”

“Mbona lina rangi tayari? Lisogeze kwenye moto tu.”

“Nikilisogeza litababuka. Utakula ngozi, ndani utanitupia.”

Kijana akasonya, akaenda jiko la tatu kutoka pale, na hapo akapewa hindi jeusi kwa muda mfupi. Mama akalitazama lake, akaligeuza. “Ameondoka na shilingi zake,” akaniambia, “lakini hakuondoka na jina langu.” Hilo si neno dogo kwa mtu anayenunua gunia alfajiri na ambaye kila hindi lisilouzwa usiku litakuwa gumu zaidi kesho. Wachomaji wengi hawaunguzi mahindi kwa kutojua. Huyaunguza kwa sababu mnunuzi hangoji, na doa jeusi ndilo ushahidi anaoutaka. Dawa aliyoipata mama huyu ni kuyapeleka mahindi matano au sita mpaka mwisho wa kazi ya kwanza, kisha kuyaweka ukingoni penye joto dogo, yamefunikwa na maganda yake mabichi. Mwenye haraka akija, hubaki dakika mbili tatu za kutia rangi. Lakini hindi halikai ukingoni zaidi ya robo saa. Likizidi hapo, hukauka.

Dakika ya nane alikuja mzee aliyebakiwa na meno machache. Mama hakumwuliza kitu. Akaibonyeza punje moja ya shinani kwa kidole gumba: ikabonyea na kurudi, haikutoa maziwa. Limeiva. Lilikuwa na rangi ya siagi na madoa mawili matatu ya kahawia tu. Alilivunja vipande viwili. Kipande cha shina akamfungia mzee ndani ya ganda na kumwambia asubiri kidogo, ili mvuke uliobaki umalizie kulainisha.

Kipande cha pili alikuwa amekiweka kwa ajili yangu, nami nimependa tangu utotoni hindi lenye moshi. Hapo ndipo kazi ya pili ikaanza. Aliyapepea makaa mpaka jivu likaruka, akakishusha kipande karibu zaidi, na sasa hakugeuza kila mara: aliacha kila upande utulie hata punje zikapata madoa, kisha akahamia upande mwingine. Muda wote haukuzidi dakika nne. Weusi wa namna hiyo hauharibu utamu, kwa kuwa punje chini yake imekwisha kuiva, na uchungu kidogo wa doa huionyesha sukari iliyo ndani. Yasiwe zaidi ya punje moja katika tano, kwa kipimo changu. Yakizidi, ulimi haujui tena kama ni hindi au ni kuni.

Ndimu aliikata nusu, akaichovya katika chumvi iliyochanganywa na pilipili ya unga, akasugua hindi lingali moto, akiikamua kidogo kidogo. Ndimu huja mwisho. Ukilipaka hindi bichi, utalilowesha bure, na makaa yatapandisha jivu likushikie kwenye chumvi.

Nilimwuliza kuhusu mahindi yaliyokomaa, yale ya kinyunga. Alisema huyaacha ndani ya maganda, akayachovya katika ndoo ya maji, na kuyaweka kando ya makaa kwa muda wa robo saa, akiyageuza. Maganda hushika mvuke, na hindi huazima maji lisilokuwa nayo. Baadaye huyavua na kuyatia rangi. Hayawi laini kama ya maziwa, naye huwaambia wanunuzi mapema kwamba hayo ni ya kutafuna. Yaliyokwisha kuwa magumu kabisa hayapandishi jikoni. Hurudi nayo nyumbani, akayapukusa, akayachemsha na maharagwe, na tui la nazi akalitia mwisho.