Nani anaahidi, nani anaombwa?

Karani wa ofisi ya maji anamjibu mteja mmoja kwa barua pepe: “Nimepokea malalamiko yako. Tumekagua mita na kuona ilisomwa vibaya. Nitakurudishia shilingi 40,000 kufikia Ijumaa. Mnaombwa kutuma namba ya akaunti. Ukikosea tarakimu moja, benki itakataa malipo.”

Katika mistari michache, nafsi imehama mara kadhaa. Si kila uhamaji ni kosa.

Kutoka “nimepokea” kwenda “tumekagua” ni sawa kabisa: karani ndiye aliyefungua barua, na mafundi wa ofisi ndio waliokwenda kwenye mita. Nafsi imebadilika kwa sababu mtendaji amebadilika.

Kasoro iko kwenye “nitakurudishia”. Fedha ni za ofisi, si za karani. Ijumaa ikipita bila malipo, mteja atamdai nani? Hapa panahitaji “tutakurudishia”. Karani angeandika “nitafuatilia” kama hiyo ndiyo kazi yake, na ahadi hiyo ingekuwa ya kweli.

“Mnaombwa” nayo inayumba. Wingi wa heshima upo, lakini barua ilianza na “yako”, ikaendelea na “nitakurudishia”. Mteja ataanza kujiuliza kama ujumbe umetumwa kwa watu wengi. “Unaombwa” inatosha. “Ukikosea” iachwe, maana inamhusu yeye yule.

Kabla ya kutuma, mwandishi apitie kila kitenzi akijiuliza nani hasa anakitenda. Jibu likibaki lile lile huku kiambishi kimebadilika, hapo ndipo pa kusahihisha.