Uniti Zinazopotea Kati ya Transfoma na Mita

Katika mwaka wa fedha wa 2010/11, takriban asilimia 16 ya umeme ulioingia kwenye mtandao wa Kenya haukufika kwenye bili ya mteja yeyote. Miaka kumi baadaye kiwango hicho kilikuwa karibu asilimia 24, na miaka mitatu iliyofuata kikabaki juu ya 22. Katika muda huohuo wateja waliongezeka kutoka chini ya milioni 2 hadi zaidi ya milioni 8, wengi wao wakiwa mwisho wa laini ndefu za vijijini.

Kuna maelezo mawili yanayotolewa kila mara. La kwanza ni wizi. La pili ni nyaya zilizorefushwa, hasa tangu serikali ilipoanza mwaka 2015 kuunganisha nyumba zote zilizo karibu na transfoma. Yote mawili ni kweli, lakini asilimia ya nchi nzima haisemi lipi linatawala kijiji gani. Anayeibiwa huhitaji mkaguzi, na mwenye laini mbovu huhitaji waya nene au transfoma ya pili. Ukikosea utambuzi, pesa zinakwenda na upotevu unabaki.

Hesabu yenye maana huanzia kwenye transfoma moja. Tuchukue mfano wa transfoma ya kilovolti-ampea 100 inayolisha nyumba 150 kwa laini moja ya kilomita moja, ya nyaya za alumini za milimita mraba 50. Mita ya transfoma, upande wa volti ndogo, inaonyesha uniti 16,000 kwa mwezi. Mita za wateja zinajumlisha 12,160. Pengo ni uniti 3,840, yaani asilimia 24.

Kabla ya kulishuku pengo hilo, hakikisha lipo. Mita zote zisomwe siku ileile na ya transfoma. Tokeni zilizouzwa hazitoshi, kwa kuwa mtu hununua uniti mwezi huu akazitumia mwezi ujao. Kisha nguzo zitembelewe moja baada ya nyingine, maana nyumba iliyoandikwa chini ya transfoma jirani huonekana hapa kama wizi, na kule kama miujiza.

Sasa joto la nyaya. Jioni mzigo unafika kilowati 50, karibu ampea 73 kwa kila fezi. Wateja wakiwa wametawanyika sawasawa njiani, laini hii inapoteza kilowati 3.4 wakati huo. Lakini upotevu hufuata mraba wa mkondo, si mkondo wenyewe: mkondo ukishuka nusu, upotevu unashuka hadi robo. Kwa matumizi ya kijiji kinachowasha zaidi jioni, wastani wa upotevu wa mwezi ni kama asilimia 27 ya ule wa kilele. Hiyo inatupa takriban uniti 660.

Hapo wengi huishia, na hapo ndipo hesabu inapowaonea wanakijiji. Fundi aliyeunganisha nyumba mpya alishika fezi iliyokuwa karibu naye. Fezi moja ikibeba mara mbili ya kila moja ya zile nyingine, nayo nyutro inabeba tofauti, upotevu unapanda kwa karibu theluthi moja, hadi uniti 880. Ongeza umeme unaoliwa na mita zenyewe na nyaya fupi za kuingilia nyumba, tukaribie 1,000. Kusawazisha fezi hakuhitaji polisi wala waya mpya, na kungepaswa kutangulia msako wowote.

Zinabaki uniti 2,840, ambazo joto haliwezi kuzieleza. Hata hizo si zote za wizi. Ndani yake kuna mita zilizokufa, taa za barabarani zisizo na mita, na wateja wanaotozwa kwa makisio. Isitoshe, mkondo uliopimwa kwenye transfoma unabeba pia umeme wa wizi. Zile 2,840 zikiondoka kwenye laini, mkondo unapungua kwa karibu asilimia 18 na joto la nyaya linashuka hadi takriban 600. Kwa hiyo karibu uniti 280 tulizoziita za kiufundi zimezaliwa na matumizi yasiyopimwa.

Ili kujua zinatoka wapi, volti husaidia kuliko uvumi. Mita za kisasa hurekodi volti pamoja na mkondo. Ukijumlisha mikondo iliyosajiliwa na wateja wa fezi moja, unaweza kukokotoa volti inayopaswa kuwapo kwenye kila nguzo. Pengo kati ya volti halisi na ya hesabu likikua nguzo kwa nguzo hadi ya 14, kisha likabaki lilelile mbele yake, na hali hiyo ikajirudia kila jioni, kuna mkondo unaotoka karibu na hapo bila kupitia mita. Kiungo kilicholegea nacho huangusha volti, kwa hiyo fundi apande na kukagua viungo kwanza, kisha afuate nyaya.