Tokeo la sakiti kwa ingizo lolote: kazi ya mwitiko wa msukumo na konvolusheni

Rezista ya kilohomu 100 ikiunganishwa mfululizo na kapasita ya maikrofaradi 10, volteji ya kwenye kapasita haifuati papo hapo volteji inayoletwa kwenye sakiti. Hupanda taratibu, hushuka taratibu, na wakati wowote hubeba athari ya yaliyopita. Volteji inayoletwa huitwa ingizo, na ile inayopimwa kwenye kapasita huitwa tokeo. Ingizo likiwa volteji ya betri isiyobadilika, tokeo ni rahisi kulikokotoa. Ugumu huanza pale ingizo linapopanda na kushuka bila mpango, kama mawimbi yanayotoka kwenye kipaza sauti. Hapo haifai kuanza hesabu upya kwa kila umbo la ingizo. Inatosha kuijua sakiti kwa kipimo kimoja tu, kisha tokeo la ingizo lolote likapatikana kutokana na kipimo hicho.

Kipimo hicho ni mwitiko wa msukumo. Msukumo ni volteji kubwa mno inayodumu kwa muda mfupi mno, ambayo ukubwa wake ukizidishwa kwa muda wake hupatikana 1. Msukumo kamili haupo maabara. Ni dhana ya kihisabati iliyozoeleka kupitia maandishi ya mwanafizikia Mwingereza Paul Dirac, na huandikwa kwa herufi δ. Lakini unaweza kukaribiwa. Kizidishi cha rezista na kapasita ya hapo juu ni sekunde 1, na huo ndio muda unaotawala kasi ya sakiti. Volti 100 zikiletwa kwa sekunde 0.01, muda huo ni mfupi sana ukilinganishwa na sekunde 1, kwa hiyo kapasita hujaa hadi karibu volti 1 tu, kisha huanza kupoteza chaji kupitia rezista. Tangu hapo volteji yake hufuata kanuni hii, ambapo t ni sekunde zilizopita tangu msukumo:

```
h(t) = e^(−t)   kwa t ≥ 0
h(t) = 0        kwa t < 0
```

Mstari wa pili una uzito wake: sakiti haiwezi kuitikia kabla ya kuguswa. Baada ya sekunde 1 hubaki asilimia 37 ya athari ya msukumo, baada ya sekunde 2 asilimia 14, na baada ya sekunde 5 haifiki hata asilimia 1.

Sasa ingizo lolote linaweza kukatwa vipande vyembamba vya muda. Kila kipande ni msukumo mdogo ambao nguvu yake ni volteji ya wakati ule ikizidishwa kwa upana wa kipande. Kipande kilichoingia wakati τ, kikitazamwa wakati t, kina umri wa t − τ, na athari iliyobaki ni nguvu yake mara h(t − τ). Athari za vipande vyote vilivyokwisha kuingia zikijumlishwa, jumla ndiyo tokeo. Vipande vikifanywa vyembamba bila kikomo, jumla hiyo hugeuka integrali ya konvolusheni, ambayo kwa ingizo lililoanza wakati 0 ni hii:

```
y(t) = ∫ x(τ) · h(t − τ) dτ,   τ kutoka 0 hadi t
```

Vitabu vingi huifundisha kwa mchoro: mkunjo wa h hugeuzwa kushoto kulia, kisha husogezwa juu ya ingizo. Mchoro ni sahihi, ila mwanafunzi hubaki akijiuliza sababu ya kugeuza. Jibu limo katika neno umri. Kipande kilichoingia zamani ndicho chenye umri mkubwa, kwa hiyo mwanzo wa ingizo hukutana na mkia wa h, na mwisho wa ingizo hukutana na kichwa chake.

Tuseme volti 5 zinawashwa wakati 0 na kuzimwa baada ya sekunde 2. Wakati volti bado zipo, vipande vyote kuanzia 0 hadi t vina thamani ya 5, na integrali hutoa:

```
y(t) = 5(1 − e^(−t))   kwa 0 ≤ t ≤ 2
```

Wakati wa sekunde 2, tokeo limefika volti 4.32. Baada ya hapo ndipo wengi hukosea. Ingizo limekuwa sifuri, hivyo hakuna vipande vipya. Vilivyopo vinazeeka tu. Mpaka wa juu wa integrali lazima ubaki 2, usiendelee hadi t:

```
y(t) = 5(1 − e^(−2)) · e^(−(t − 2))   kwa t > 2
```

Kwa sekunde ya 3 hupatikana volti 1.59. Aliyesahau kubadilisha mpaka atapata 4.75, yaani kapasita inayozidi kujaa baada ya swichi kuzimwa, jambo lisilowezekana. Kuna ukaguzi mwingine wa haraka: kanuni zote mbili zikipewa t = 2, lazima zitoe 4.32 ileile, kwa kuwa volteji ya kapasita hii haiwezi kuruka ghafla.

Ingizo lisiloandikika kwa kanuni, kwa mfano vipimo vilivyorekodiwa kila baada ya muda fulani, hushughulikiwa kwa jumla badala ya integrali. Hapo upana wa kipande ndio huamua usahihi. Kwa mfano uleule, vipande vya sekunde 0.1 vikihesabiwa umri wao tangu mwisho wa kila kipande, tokeo la sekunde ya 2 huwa volti 4.54 badala ya 4.32. Vikipunguzwa hadi sekunde 0.01, hupatikana 4.345. Njia nafuu zaidi ni kuacha upana wa 0.1 na kuhesabu umri tangu katikati ya kipande: jibu huwa 4.322, bila kuongeza kazi yoyote.

Yote haya yanasimama juu ya masharti mawili. La kwanza ni kwamba mfumo uwe wa mstari: ingizo likiongezwa maradufu, tokeo nalo liongezeke maradufu, na maingizo mawili yakiletwa pamoja, tokeo liwe jumla ya matokeo yao. La pili ni kwamba tabia yake isibadilike kwa kupita kwa wakati, ili kipande cha leo na cha kesho vizeeke kwa namna moja. Amplifaya iliyofikia kikomo cha volteji ya umeme wake huvunja sharti la kwanza, kwa sababu vilele vya mawimbi hukatwa hata ingizo likizidi kupanda. Rezista inayopata joto na kubadilika thamani huvunja la pili. Mtihani wa kutosha ni kuleta ingizo lilelile kwa nusu ya ukubwa, kisha kulirudia baadaye. Mikunjo isipolingana, konvolusheni haitatoa jibu la kuaminika.

Integrali hii pia huchukulia kwamba kapasita ilikuwa tupu mwanzoni. Ikiwa ilikuwa na volti 2 wakati 0, chaji hiyo hushuka yenyewe kwa 2e^(−t), nayo huongezwa juu ya tokeo la konvolusheni. Katika mfano huu hubaki volti 0.27 kwenye sekunde ya 2, na kipimo halisi husoma 4.59. Fundi anayepata tofauti inayofifia kwa kasi ileile ya h na aanze kwa kuangalia kama kapasita ilimalizwa chaji kabla ya jaribio.