Salamu ya Kwanza Ukumbini

Kongamano la chuo kikuu kuhusu dini na maisha ya umma huanza kuharibika, au kutengemaa, ndani ya nusu dakika ya kwanza. Mfunguzi amesimama. Mbele yake, katika ukumbi kama ule wa Nkrumah pale Mlimani, wamo masheikh, maaskofu, wachungaji, Wahindu, Mabohora, Wabahai, wanafunzi wenye misimamo mikali kwa kila upande, na watu wasio na dini ambao hawapendi kujulikana. Atawasalimuje?

Kwa miaka mingi jibu la Tanzania lilikuwa kusalimu kwa zamu. Msemaji anaanza na "Assalaam alaykum," anaitikiwa. Anafuatisha "Bwana Yesu asifiwe," anapata "Amina." Akikumbuka Wakatoliki anaongeza "Tumsifu Yesu Kristo," nao wanamjibu "Milele amina." Nia ni njema na watu wameizoea. Lakini sikiliza kinachotokea. Kila salamu inaitikiwa na sehemu moja ya ukumbi huku sehemu nyingine ikinyamaza, na kila aliyemo anapima kwa sikio: hawa ni wengi, wale ni wachache, sisi tumeitwa wa tatu. Mhindu na Mbahai hawakuitwa kabisa. Anayefuata dini ya mababu zake hata hakuwahi kutarajia kuitwa. Kongamano limeanza kwa kuhesabu kambi, na hotuba yenyewe bado haijaanza.

Mwaka 2021, baada ya kuingia madarakani, Rais Samia Suluhu Hassan alianza kutumia salamu nyingine: "Nawasalimu kwa jina la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania," na watu wanajibu "Kazi iendelee." Kwa mkutano wa serikali ni suluhisho zuri, maana ukumbi mzima unaitika kwa sauti moja. Chuoni, kwa maoni yangu, haikai vizuri sana. Meza ya wasemaji huwa na wageni kutoka Nairobi, Kampala au Bujumbura, ambao jamhuri hiyo si yao. Tena kongamano lenyewe limekuja kuihoji mipaka kati ya dola na dini, hivyo si busara kulifungua kwa jina la mmoja wa wanaohojiwa. "Hamjambo" inatosha. Kila mtu anajua kuijibu, na hakuna anayebaki kimya.

Baada ya salamu huja itifaki. Hapa wengi hukimbilia "itifaki imezingatiwa" na kuendelea, na katika shughuli nyingine inasamehewa. Mbele ya viongozi wa dini ni hatari, kwa sababu cheo kikikosewa kinasikika kama dharau kwa waumini wote. Kardinali huitwa Mwadhama, askofu Mkatoliki huitwa Mhashamu, Walutheri wengi humwita wao Baba Askofu. Kwa Waismailia kiongozi wa jamatkhana ni Mukhi, na kwa Mabohora anayeongoza jamaa yao mahali ni Amil. Mfunguzi asikisie. Awaulize wenyewe siku mbili kabla, na awataje kwa mpangilio ambao ataweza kuueleza akiulizwa: kwa mfano, kwa jinsi watakavyozungumza kwenye ratiba, badala ya kwa ukubwa wa dini zao.

Suala la ukubwa lina mtego wake. Tanzania haijauliza dini katika sensa tangu mwaka 1967. Kwa hiyo mfunguzi anayesema "wengi wetu hapa nchini ni" hana takwimu rasmi ya sensa ya kizazi hiki ya kumwunga mkono, na katika ukumbi ule yumo mtu aliyejiandaa kumbishia. Mjadala wa siku mbili unaweza kumezwa na sentensi hiyo moja.

Kuna sentensi nyingine ambayo huonekana ya upole nayo haifai: "sote tunamwabudu Mungu mmoja kwa njia mbalimbali." Mwislamu na Mkristo wana tofauti ya kweli kuhusu Utatu, na wamekuwa wakijadiliana juu yake kwa karne nyingi. Mbudha anaweza asijione kabisa ndani ya kauli hiyo. Anayeisema amewajibia wageni swali ambalo wao ndio wamealikwa kulizungumza. Kukaribisha watu ni kuwakubali pamoja na tofauti zao.

Basi aseme nini? Aeleze kwa nini wamekutana, na mahali pazuri pa kuanzia ni Katiba ya mwaka 1977. Ibara ya 3 inasema Jamhuri ya Muungano ni nchi isiyokuwa na dini. Ibara ya 19 inampa kila mtu uhuru wa kuamini, kuabudu na hata kubadili dini, na inaweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya mamlaka ya nchi. Hapo hapo, vikao vya Bunge hufunguliwa kwa dua, na Rais huapa akiwa ameshika Kurani au Biblia. Dola haina dini, ila watu wake wanaingia nayo hadi ndani ya ofisi zake. Kongamano lipo kwa ajili ya kuichunguza nafasi hiyo iliyo katikati.

Kisha atoe mfano mmoja unaomgusa kila aliyeketi. Hospitali ya Bugando, Mwanza, inamilikiwa na maaskofu Wakatoliki, lakini ni hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa, na serikali inashirikiana nao kuiendesha. Mama wa Kiislamu anajifungua pale bila kuulizwa anasali wapi. Mwaka 1992 serikali na makanisa walitia saini makubaliano ya ushirikiano katika afya na elimu, na tangu wakati huo baadhi ya taasisi za Kiislamu zimelalamika kwamba makubaliano yale yaliupendelea upande mmoja. Upande wa pili wa habari nao upo: Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro kilianza mwaka 2005 kwenye majengo yaliyokuwa ya chuo cha TANESCO, yaliyotolewa na serikali ya Rais Mkapa. Mfunguzi ayataje yote mawili, lalamiko kwa maneno ambayo wanaolalamika wangeyakubali, asitoe hukumu. Akiliruka lalamiko kwa kuogopa, litaibuka mchana kwenye maswali likiwa na hasira zaidi.

Dakika za mwisho ni za mambo ya kawaida yanayopima ukweli wa ukarimu. Kongamano la Jumatano na Alhamisi haligongani na swala ya Ijumaa, wala na Sabato ya Waadventista inayoanza jua linapozama siku hiyo. Kama tarehe zimeshaangukia Ijumaa, mfunguzi atangaze waziwazi kwamba kikao kitasimama kuanzia saa sita na robo hadi saa nane. Aonyeshe chumba cha kusalia kilipo. Aseme nyama imechinjwa na nani, na kwamba chakula kisicho na nyama kimepikwa kwenye vyombo vyake.

Hotuba ya namna hii haizidi dakika nane. Wewe uliyepewa kazi ya kuiandika, kabla hujaichapa mara ya mwisho mpe mtu mmoja wa imani isiyo yako aisome kwa sauti, na mahali atakaposita, pafute uandike upya.