Kilo moja ya waya ina mita ngapi?

Gerezani, Dar es Salaam, fundi wa kusuka mota hununua waya kwa kilo lakini huutumia kwa mita. Mota iliyoungua haidai kilo mbili za shaba. Inadai idadi fulani ya mizunguko, na kila mzunguko una urefu wake. Kati ya mizani ya muuza waya na mifereji ya stata pana hesabu fupi, na asiyeijua humtoza mteja kwa kukisia au hujikuta waya umemwishia koili mbili kabla ya kumaliza.

Hesabu yenyewe inasaidiwa na jambo moja zuri la vipimo. Waya wenye mkato wa milimita mraba 1 na urefu wa mita 1 una ujazo wa sentimita moja ya ujazo kamili. Kwa hiyo uzito wa mita moja ya waya huo, kwa gramu, ni densiti ya metali bila kubadilisha chochote: shaba ya kupitisha umeme gramu 8.89, alumini gramu 2.70. Kinachobaki ni kupata mkato kutoka kwenye kipenyo, kwa kuzidisha kipenyo kwa chenyewe kisha kwa 0.785:

```
gramu kwa mita = 0.785 × d × d × densiti
shaba:   7.0 × d × d
alumini: 2.1 × d × d
```

Hapo d ni kipenyo kwa milimita. Saba kwa shaba, mbili na kidogo kwa alumini: namba hizo mbili zinatosha kuandikwa kwa chaki ukutani mwa karakana.

Tuchukue mota ya fezi tatu yenye mifereji 36. Fundi ameifungua na kukuta koili 18, kila moja ina mizunguko 44, na wastani wa urefu wa mzunguko mmoja ni sentimita 62. Anazidisha 18 kwa 44 kwa 0.62 na kupata mita 491. Waya wake ni wa milimita 0.71, ambao wazee wa kazi bado wanauita geji 22. Kipenyo hicho kikizidishwa kwa chenyewe ni 0.504, na mara saba ni gramu 3.53 kwa mita.

Lakini waya wa kusukia mota hauji mtupu. Umevikwa utando wa vanishi unaozuia mzunguko mmoja kugusana na mwingine, na utando huo nao unapanda mizani. Kwa waya huu unaongeza takriban asilimia 2, hivyo mita moja inafika gramu 3.6. Mita 491 zinakuwa kilo 1.77. Akiongeza asilimia 5 kwa ajili ya maungio na vipande vya kutupwa, anahitaji kilo 1.86. Tuseme kilo inauzwa shilingi 60,000: waya wa mota hii ni kama shilingi 112,000, na hiyo ndiyo namba ya kumtajia mteja kabla ya kupanga bei ya ufundi.

Kosa linalojirudia katika kazi hii ni dogo kwa macho. Fundi anachukua maikromita na kupima waya juu ya vanishi, anasoma 0.76, kisha anaiingiza namba hiyo kwenye fomula kana kwamba yote ni shaba. Tofauti ya kipenyo ni asilimia 7 tu, lakini kwa kuwa kipenyo kinazidishwa kwa chenyewe, shaba inaonekana kuwa gramu 4.04 kwa mita badala ya 3.53, yaani asilimia 14 zaidi. Kwa mota yetu, makadirio yanapanda kwa zaidi ya gramu 220, na mteja analipia zaidi ya shilingi 13,000 za waya ambao hautaingia kwenye stata. Dawa ni kuondoa vanishi kwanza kwenye ncha, kwa moto mdogo na kitambaa au kwa kukwangua taratibu bila kuila shaba, ndipo kupima. Apime pande mbili zinazokingamana, kwa sababu waya uliowahi kubanwa huwa bapa kidogo.

Kosa la pili ni la metali, na hili lina fedha nyingi ndani yake. Mei 2024 tani ya shaba katika Soko la Metali la London ilivuka dola 11,000, wakati alumini haikufika dola 3,000. Tofauti hiyo inakua zaidi kwa mita, kwa sababu kilo moja ya alumini ya kipenyo kilekile ina urefu wa mara 3.3 ya kilo ya shaba. Kwa bei hizo, metali iliyomo katika mita ya alumini haikufika sehemu moja ya kumi na mbili ya thamani ya metali iliyomo katika mita ya shaba. Hapo ndipo unapopata nafasi waya wa alumini uliovikwa ngozi nyembamba ya shaba. Rangi ni ya kopa, vanishi ni ileile, na maikromita inasoma 0.71 bila kusita.

Mizani ndiyo haidanganyiki. Fundi anakata mita 10, anazikunja na kuziweka kwenye mizani ndogo ya sonara. Shaba halisi ya 0.71 pamoja na vanishi yake itaonyesha karibu gramu 36. Alumini yenye ngozi ya shaba, kama shaba ni sehemu moja ya kumi ya ujazo, itaonyesha kama gramu 14, na alumini tupu haitazidi 12. Hakuna kosa la kupima urefu linaloweza kuziba pengo la gramu 20. Anayetaka uthibitisho wa pili apige tupa kwenye ncha na kutazama moyo wa waya: mweupe ni alumini.

Anayeuziwa waya huo kwa bei ya kilo ya shaba anapata mita nyingi kuliko alizotarajia, na anaweza kudhani amebahatika. Hasara inamfuata kwenye mota. Alumini inapitisha umeme kwa asilimia 61 tu ya uwezo wa shaba, hivyo mizunguko ileile ya kipenyo kilekile inapata joto zaidi, vanishi inaungua, na mota inarudi mezani kabla ya muda wake. Ili alumini ifanye kazi sawa, mkato wake lazima uwe mara 1.64 ya ule wa shaba, na mara nyingi mifereji ya stata haina nafasi hiyo.

Hesabu hiyohiyo inatumika kinyume pale mteja anapoleta pampu ndogo iliyosukwa kwa alumini tangu kiwandani na kuomba isukwe upya kwa shaba. Fundi anapima koili kuukuu baada ya kuondoa vanishi iliyogandia, anapata gramu 540, na akibaki na kipenyo na mizunguko ileile, anazidisha kwa 3.3. Mteja anaona gramu 540 kwenye mizani na kilo 1.78 kwenye risiti, anauliza zile nyingine zimetoka wapi. Fundi anamwonyesha mstari wa chaki ukutani: saba kwa shaba, mbili na kidogo kwa alumini.