Ijumaa Ipi? Miadi Inavyopotea Mdomoni mwa Mkalimani

Tuchukue mfano. Ni Jumatano, tarehe 4 Juni 2025, katika kliniki ya mji mmoja wa Uingereza. Muuguzi amemaliza kumfunga kidonda cha mguu mama aliyetoka Kivu, na mkalimani wa Kiswahili anasikiliza kwenye simu. Muuguzi anataja mambo matatu kwa mfululizo: mama aonane na daktari Ijumaa ijayo, bandeji ibadilishwe siku moja na kuachwa siku inayofuata, kisha arudi kliniki baada ya kile ambacho Waingereza hukiita fotinaiti. Kila mtu chumbani ameelewa. Lakini katika maneno yote hayo hakuna tarehe hata moja, na kila kauli inategemea mahali msikilizaji anapoanzia kuhesabu.

Tuanze na Ijumaa. Waingereza wenyewe hawakubaliani juu yake. Kwa wengine, Ijumaa ijayo ni ile iliyo karibu kufika, yaani keshokutwa, tarehe 6. Kwa wengine hiyo ni "Ijumaa hii", na Ijumaa ijayo ni ya wiki inayofuata, tarehe 13. Kiswahili nacho kina utata uleule. Mkalimani akisema "Ijumaa ijayo" atakuwa ametafsiri sawasawa kabisa, na bado mama anaweza kufika kliniki siku saba kabla ya wakati au siku saba baada yake.

Kosa la kawaida hapa ni mkalimani kujichagulia. Anadhani anajua alichokusudia muuguzi, anataja tarehe 13 kwa uhakika, na tangu hapo hakuna anayeweza kugundua tatizo, kwa sababu tarehe haina dalili ya kwamba ilikisiwa. Mwenye haki ya kuitaja ni muuguzi peke yake. Kwa hiyo mkalimani anamwambia mama kwanza, "Mama, ngoja kidogo, namuuliza muuguzi siku yenyewe," ili mama asiketi akisikia watu wawili wakizungumza Kiingereza juu ya mguu wake. Halafu anauliza: "Sista, ni Ijumaa ya keshokutwa tarehe 6, au ile ya wiki ijayo tarehe 13?" Swali linataja siku zote mbili. Angeuliza tu "Ijumaa ijayo kweli?", angejibiwa "ndiyo", na wote wangebaki palepale.

Muuguzi anasema ni tarehe 13. Sasa kuna mtego mwingine, na huu hauna uhusiano na Kiingereza. Kiswahili cha pwani huhesabu siku kuanzia Jumamosi, ndiyo maana Jumatano ina "tano" ndani yake. Lakini Wakongo wengi wa mashariki, hasa Kivu na Katanga, huhesabu siku za kazi kuanzia Jumatatu: hiyo ndiyo siku ya kwanza, na Ijumaa ndiyo siku ya tano. Mkalimani wa Tanga akimwambia mama huyu "Jumatano", mama anaweza kusikia tano na kuelewa Ijumaa. Naye mama akisema "siku ya tano", mkalimani anaweza kuandika Jumatano. Wote wawili wanazungumza Kiswahili, na kwa sababu hiyo hakuna anayeshtuka. Jina la siku peke yake halitoshi. Lazima liambatane na tarehe, na tarehe iambatane na jina la siku, ili moja likikosewa lingine lipige kelele.

Fotinaiti ni rahisi zaidi kwa Mswahili wa Mombasa au Dar es Salaam: asili yake ni usiku kumi na nne, yaani wiki mbili kamili. Jumatano tarehe 4 inafika Jumatano tarehe 18. Shida huja kwa watu waliosomea au kufanyia kazi Kifaransa, kama wengi wa Kongo na Burundi. Kifaransa huita muda huohuo "siku kumi na tano", kwa sababu huhesabu siku ya kuanzia na siku ya kumalizia pia. Mfaransa akisema siku kumi na tano kuanzia Jumatano, anamaanisha Jumatano ya wiki mbili zijazo. Mkalimani akiyageuza maneno hayo kuwa "baada ya siku kumi na tano", msikilizaji akazihesabu kwenye kalenda kuanzia kesho, atatua Alhamisi tarehe 19 na kukuta miadi yake ilikuwa jana. Kipimo chake ni chepesi: miadi ya wiki mbili lazima iangukie jina lilelile la siku. Ikiangukia siku nyingine, mtu kahesabu vibaya.

Bandeji ndiyo kazi hasa, maana hapo kosa halitokei mara moja bali hujirudia. Wakalimani wengi husema "kila baada ya siku mbili". Mmoja atasikia kwamba siku ya pili ndiyo ya kubadilisha. Mwingine atasikia kwamba siku mbili zipite kwanza. "Siku moja baada ya nyingine" ni hatari zaidi, kwani wapo watakaoielewa kuwa ni kila siku bila kuruka. Lugha isiyo na utata ni ndefu kidogo, na inastahili urefu wake: "Leo tumebadilisha. Kesho usiiguse. Keshokutwa Ijumaa badilisha. Jumamosi usiiguse. Jumapili badilisha. Endelea hivyo hivyo."

Hata hapo kuna jambo linalosahaulika. Mpango huu haurudi kwenye majina yaleyale ya siku kila wiki. Wiki ya kwanza ni Jumatano, Ijumaa na Jumapili, kisha unahamia Jumanne tarehe 10, Alhamisi tarehe 12, Jumamosi tarehe 14 na Jumatatu tarehe 16. Mama akikariri "Jumatano, Ijumaa, Jumapili", bandeji ya Jumapili tarehe 8 itakaa mpaka Jumatano tarehe 11, siku tatu. Ndiyo sababu ni vizuri kumwomba muuguzi aandike tarehe zote saba kwenye karatasi. Kama kidonda kinaruhusu, yeye mwenyewe anaweza kuamua ibaki Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Huo ni uamuzi wa tiba, si wa mkalimani.

Hesabu ya vifaa nayo husaidia kugundua kosa. Kuanzia leo hadi siku moja kabla ya kurudi kliniki, zinahitajika bandeji saba, ya leo ikiwemo. Kama mama amezimaliza Jumanne tarehe 10, alielewa kila siku. Kama tarehe 18 amekuja na mbili mkononi, alikuwa akiruka siku mbili. Muuguzi anayeuliza "zimebaki ngapi?" atajua mengi kuliko anayeuliza "ulifuata maelekezo?"

Kwa wazee wa pwani kuna tahadhari moja zaidi, nayo ni usiku. Kwa desturi ya Waswahili, siku mpya huingia jua linapozama, hivyo "usiku wa Ijumaa" kwa mzee wa Lamu au Unguja unaweza kuwa ule wa Alhamisi kuamkia Ijumaa. Agizo la kufunga kabla ya kipimo cha damu cha Ijumaa asubuhi likisemwa "usile kuanzia usiku wa Alhamisi", yupo atakayekaa na njaa usiku wa Jumatano na kunywa chai yake ya maziwa Ijumaa alfajiri. Kipimo kitaahirishwa, naye ataonekana mkaidi. Sema "Alhamisi usiku kuamkia Ijumaa, kuanzia saa sita usiku, mpaka utolewe damu", na usiku utabaki mmoja tu.

Barua hazina mtu wa kumuuliza papo hapo. Mfasiri akikuta "Ijumaa ijayo" kwenye barua, aanze na tarehe iliyoandikwa juu yake, si tarehe anayoifasiri. Barua iliyoandikwa Jumatano na kufika mezani kwake Jumatatu imeshabadilisha maana ya neno hilo. Aliyeiandika akipatikana, aulizwe. Asipopatikana, utata ubaki wazi, mfasiri aongeze maneno yake mwenyewe kwenye mabano ya mraba: [Ijumaa tarehe 6 au 13 Juni 2025, thibitisha na kliniki kabla ya kwenda]. Wapo waajiri wanaoyaona mabano hayo kuwa kasoro ya kazi na kuyafuta. Mfasiri ayatetee, na nambari ya simu ya kliniki iliyo kwenye barua iandikwe pembeni yake, ili msomaji ajue apige wapi.